Jumamosi za mchangani: shajara ya kukimbia korongoni, upande wa Kisongo

Jumapili, 1 Juni 2025. Sababu, na kipimo cha kuanzia

Goti la kulia linanisumbua tangu Februari. Si maumivu ya kunilaza, ni mchomo unaokuja kila nikifika kilomita ya sita kwenye lami, unakaa mpaka jioni, kisha unaondoka. Mwenzangu wa klabu ya jogingi kaniambia nihamie mchangani: "Mchanga haugongi, mwalimu." Kweli haugongi. Nimekubali kubadilisha mbio moja kati ya nne za wiki, ile ya Jumamosi, niikimbie kwenye korongo kavu lililo upande wa Kisongo, nje kidogo ya Arusha. Nyingine tatu zinabaki kama zilivyo. Nitaandika hapa kila hatua na kila shilingi, ili anayetaka kujaribu asianze pale nilipoanzia mimi.

Leo nimekwenda kupima tu. Saa yangu haiaminiki korongoni, kwa sababu kuna kona na kingo ndefu, na satelaiti inakata kona kama dereva wa daladala. Kwa hiyo nimeazima futi ya mita 50 kwa fundi, nikaitandaza mara nane kwenye sehemu iliyonyooka, nikachomeka vijiti viwili vyenye kitambaa chekundu. Hapo nina mita 400 za mchanga. Nimefanya vilevile kwenye barabara ya vumbi iliyoshindiliwa juu ya korongo, tambarare.

Kwenye barabara ngumu, nikishikilia mapigo ya moyo 148 kwa dakika, kilomita moja nainywa kwa dakika 6 kamili. Nyumbani nimesimama kwa mguu mmoja ukingoni mwa ngazi nikanyanyua kisigino hadi nikashindwa: kulia mara 21, kushoto mara 20. Namba hizi mbili zilikuja kunifaa kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 7 Juni. Mchanga unakula mwendo

Masika yameisha na korongo limebaki tupu, mchanga mweusi wa volkeno, laini juu kama unga uliopepetwa. Nimekimbia dakika 15 tu, na raba, nikiangalia mapigo yasipite 148. Mita 400 zimechukua dakika 3 na sekunde 14. Hiyo ni dakika 8 na sekunde 5 kwa kilomita, yaani nimepoteza zaidi ya dakika mbili kwa jasho lilelile.

Nilihesabu hatua nikitafuta zilikopotelea dakika hizo. Barabarani napiga hatua 168 kwa dakika, mchangani 170. Miguu haikuzubaa hata kidogo. Kilichopungua ni urefu wa hatua: kutoka karibu mita 1 hadi sentimita 73.

Nikapiga magoti kwenye nyayo zangu mwenyewe na rula ya shuleni. Alama ya kisigino ilikuwa na kina cha sentimita 4. Alama ya vidole ilikuwa na kina cha sentimita 7, na nyuma yake kilima kidogo cha mchanga uliosukumwa. Kile kilima ndicho hatua yangu iliyopotea. Badala ya mimi kwenda mbele, mchanga umekwenda nyuma.

Lakini kilima hakielezi yote. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji, Lejeune, Willems na Heglund, walichapisha vipimo vya watu waliotembea na kukimbia mchangani. Kwa mwendo uleule, kukimbia mchangani kulidai nishati mara 1.6 ya kukimbia pagumu. Ajabu ni kwamba kazi yenyewe ya kuusogeza mwili na mchanga iliongezeka kufikia mara 1.15 tu ya ile ya pagumu. Sasa ile nishati nyingine inakwenda wapi? Inapotea ndani ya misuli na kano. Kwenye ardhi ngumu, kano kubwa ya kisigino hufanya kazi kama mpira wa manati: mguu ukitua inavutika, mguu ukiondoka inarudi na kukusukuma bure. Mchanga haukurudishii chochote, na kigimbi kinalazimika kutengeneza kwa nguvu zake kile ambacho kano ingekipa bila malipo.

Niliyaelewa hayo yote vizuri sana siku hiyo. Wiki iliyofuata nilifanya kana kwamba sikuyasoma.

Jumamosi, 14 Juni. Kosa la kwanza na la pili

Kosa la kwanza: nimevua raba. Mchanga ulikuwa wa baridi na mtamu, na nilikuwa nimesikia kwamba watoto wetu wanakuwa wakimbiaji kwa sababu wanakwenda shule peku. Mimi sijakimbia peku tangu darasa la tano.

Kosa la pili ndilo kubwa. Sikupenda kuona namba 8 kwenye saa. Nikaamua nikimbie mizunguko 12, kilomita 4.8, kwa mwendo wa "kawaida". Nimemaliza kwa wastani wa dakika 6 na sekunde 25 kwa kilomita, mapigo yakiwa 172. Nilijiona shujaa, nikapiga picha.

Ukikimbia peku mchangani, hakuna soli inayoinua kisigino. Kisigino kinazama chini, kifundo kinakunjwa zaidi, na kigimbi kinavutwa kirefu wakati huohuo kinapobeba mwili mzima. Kuvutwa huku msuli ukiwa umekaza ndiko kunakoleta yale maumivu ya siku ya pili. Nilikifanyia hivyo kigimbi zaidi ya mara elfu mbili kwa kila mguu, kwa nguvu za mashindano.

Jumatatu asubuhi nilishuka ngazi za shule kinyumenyume. Wanafunzi wa kidato cha pili walifurahi.

Jumanne, 17 Juni. Kosa la tatu, kisha la nne

Vigimbi vilikuwa bado vinauma nikivibonyeza, lakini ratiba ya klabu ilisema mbio za kasi kwenye lami, mita 800 mara sita. Nikaenda. Katika mzunguko wa tatu nilihisi kama mkono umekibana kigimbi cha kushoto, chini na ndani, karibu na pale msuli unapogeuka kuwa kano. Hakukuwa na mlio, wala sikuanguka. Ningeweza hata kuendelea, na pengine hilo ndilo baya lake. Nilipojaribu mzunguko wa nne mkono ule ukakaza, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Jioni nikaita mkandaji. Akanikandamiza kwa dole gumba nusu saa nzima, palepale panapouma, kwa mafuta ya moto. Sh 10,000. Asubuhi sikuweza kukanyaga sawasawa. Dawa ya kupaka ya duka la dawa, sh 8,000, ilinipa harufu nzuri.

Ijumaa, 20 Juni. Kwa mtaalamu wa fiziotherapia

Sh 30,000 kwa kikao, na dakika tano za kwanza zilitosha kulipia.

"Simama, dada. Nyanyua kisigino, goti limenyooka." Nikanyanyua, kidogo kinauma. "Sasa kunja goti, nyanyua tena." Nikashika ukuta.

Akanieleza kwamba kigimbi si msuli mmoja. Ule wa nje, wenye mafungu mawili unayoyaona kwa macho, unaanzia juu ya goti, kwa hiyo ukikunja goti unalegea. Chini yake kuna mwingine mpana, soliasi, unaoanzia chini ya goti. Huo haujali goti limekaaje, na ndio unaobeba mzigo mkubwa wa mwili mtu anapokimbia polepole. Ukiumwa zaidi goti likiwa limekunjwa, mtuhumiwa ni soliasi. Msuli wa nje ukichanika, mtu husimama palepale kana kwamba kapigwa jiwe. Soliasi inabana polepole, mtu anadhani ni uchovu, na wakimbiaji wengi wanaendelea kuichana wiki baada ya wiki wakiita "kukaza."

Alinitajia hali mbili ambazo hazihitaji mazoezi bali hospitali siku hiyohiyo: kigimbi kimoja kuvimba na kuwa cha moto bila sababu ya wazi, kwani huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na mlio nyuma ya kisigino ukifuatiwa na kushindwa kusimama kwa vidole, kwani huenda kano imekatika. Mimi sikuwa na yoyote kati ya hizo.

Nilipomsimulia habari za mkandaji aliguna tu. Msuli uliochanika, hata kidogo, haukandwi kwa nguvu siku za mwanzo. Kipimo cha ngazi siku hiyo: kulia 20, kushoto 6, na hizo sita zilikuwa za aibu.

Jumapili, 6 Julai. Mfuko wa saruji

Siku kumi za kwanza: kukaa na kusukuma vidole chini, kisigino juu kidogo, kushikilia sekunde 45, mara tano, bila kusogea. Maumivu yakizidi 3 kati ya 10, napunguza. Baiskeli ya kaka badala ya mbio.

Kisha ukaja mzigo. Soliasi inataka uzito, na inataka goti lililokunjwa, kwa hiyo zoezi lake ni la kukaa. Nakaa kwenye kigoda, vidole juu ya tofali, kitu kizito juu ya mapaja karibu na magoti, napandisha visigino polepole na kuvishusha polepole zaidi. Nilianza na ndoo ya maji ya lita 20, ambayo ni kilo 20 na mfuniko mbovu. Baada ya kulowa mara mbili nikahamia mfuko wa saruji wa kilo 50 uliobaki kwenye ujenzi wa kaka, khanga chini yake. Mara 12, mizunguko mitatu, siku moja baada ya nyingine. Mfuko ulikuwa na tundu, na kila mara ya nane au ya tisa ulitema vumbi la kijivu kwenye magoti.

Leo nimekimbia barabara ya vumbi dakika 20, polepole, bila mkono ule. Ngazi: kulia 22, kushoto 17. Kikao cha pili, sh 30,000 nyingine, kimekwisha kwa ruhusa ya kurudi mchangani kushoto kukifika 20.

Jumamosi, 19 Julai. Kurudi, kwa dakika

Kushoto 20. Sheria mpya nimeziandika nyuma ya daftari la mahudhurio. Mchangani sihesabu kilomita, nahesabu dakika. Mapigo hayapiti 150, saa iseme inachotaka. Raba miguuni. Na mbio za kasi hazikaribii Jumamosi: siku tatu kamili lazima zipite, kwa hiyo zimehamia Jumatano.

Leo: dakika 20 kwenye barabara ngumu, na katikati yake nikashuka korongoni kukimbia dakika 1, kutembea dakika 2, mara nne. Dakika nne za mchanga! Bodaboda aliyenisubiri aliuliza kama nimesahau kitu.

Mpango ni kuongeza dakika mbili au tatu kila Jumamosi na kupumzika ongezeko kila wiki ya nne. Polepole hii ni kwa ajili ya kano. Pumzi na msuli vinazoea upesi, kano hujengeka taratibu sana, na mtu hujiona ana nguvu wakati kano bado ni ya mwezi uliopita. Kipimo changu ni asubuhi ya Jumapili: hatua kumi za kwanza kutoka kitandani. Kano ya kisigino ikiwa ngumu na ikalegea kabla sijafika jikoni, sawa. Ikifika jikoni bado ngumu, Jumamosi ijayo siongezi.

Jumamosi, 9 Agosti. Korongo lina mchanga wa aina tatu

Mzee wa Kimaasai anayenywesha ng'ombe chini kidogo amenitazama wiki kadhaa. Leo nilipompa shikamoo akaitikia, kisha akaniuliza: "Mama, kwa nini unapita pale ng'ombe hawapiti?"

Sikuwa na jibu. Ng'ombe wanapita kwa mstari mmoja kando ya ukingo, na kwato zimeushindilia mchanga ule mpaka unabeba mtu. Upande wa pili, chini ya ukingo wenye kivuli, mchanga una unyevu: ukichimba kwa kidole unakuta ubaridi kabla hujafika kiungo cha pili. Katikati, nilipokuwa napigana tangu Juni, ni unga mtupu.

Nikapima yote matatu kwa mapigo 148, mita 400 kila pahali. Katikati: dakika 3 na sekunde 11, karibu sawa na Juni. Penye unyevu: dakika 2 na sekunde 44, sawa na dakika 6 na sekunde 50 kwa kilomita. Njia ya ng'ombe: dakika 2 na sekunde 36, sawa na dakika 6 na sekunde 30.

Kwa hiyo mtu akisema "nakimbia mchangani" hajasema kitu bado. Kuna tofauti ya karibu dakika moja na nusu kwa kilomita ndani ya korongo moja lenye upana wa chumba cha darasa. Tena njia ya ng'ombe, iliyo rahisi kwa kigimbi, ndiyo pekee ambapo goti lilikumbuka lami. Kishindo ulichokiepuka kinarudi kadiri mchanga unavyokuwa mgumu, na kigimbi kinapumzika kwa kiasi hichohicho. Huwezi kupata vyote. Mimi nimechagua penye unyevu kwa mbio nyingi, na unga wa katikati kwa dakika chache tu.

Mambo mawili ya vifaa. Mchanga huu unapenya kitambaa cha raba na kusaga vidole. Nimepata malengelenge mawili kabla sijakata shingo ya soksi kuukuu na kuivisha juu ya mdomo wa raba kama kifuniko. Inafanya kazi. Pia nimenunua raba za mtumba, sh 45,000, zenye kisigino kilichoinuka kidogo kuliko zangu, makusudi, ili kisigino kisizame sana.

Jumamosi, 6 Septemba. Malori

Nimefika nikakuta vijiti vyangu havipo. Tipa zimeingia kuchota mchanga wa ujenzi na kuacha mashimo ya kufika gotini na matuta ya magurudumu yaliyokauka. Mchanga laini juu ya tuta gumu ndio hatari yenyewe ya kifundo: jicho linaona tambarare, mguu unatua pembeni. Nimepinda kifundo cha kushoto mara moja, bila madhara, nikatembea sehemu yote kwanza kabla ya kukimbia. Sasa ni desturi: mzunguko wa kwanza ni wa kutembea, kila wiki.

Nimepima upya mita 400 juu zaidi. Dakika 18 za mchanga leo, 12 penye unyevu na 6 katikati. Jumapili kano ililegea kabla ya mlango wa chumba.

Jumapili, 28 Septemba. Hesabu

Jaribio la kilomita 5 barabarani, njia ileile niliyoikimbia mwishoni mwa Mei kwa dakika 27 na sekunde 40. Leo dakika 26 na sekunde 58.

Mwenzangu wa klabu tayari anatangaza kwamba ni mchanga. Mimi siwezi kusema hivyo. Katika miezi hiyo nimenyanyua saruji mara mamia, nimeendesha baiskeli, na Septemba nilikuwa nalala mapema kwa sababu shule ilikuwa likizo wiki mbili. Ninachoweza kukisema kwa namba ni kigimbi: kulia 27, kushoto 26. Hata hapo, nadhani sifa kubwa ni ya mfuko wa saruji. Goti halijachoma kwenye mbio za Jumamosi tangu Julai, isipokuwa ile siku ya njia ya ng'ombe. Kwenye lami linachoma bado, ila kilomita ya tisa badala ya sita.

Mchanga haukunifanya niwe na kasi katika kitu chochote cha haraka. Mguu unakaa chini muda mrefu zaidi kila hatua, na anayetaka wepesi wa kuruka juu ya lami lazima aufanyie mazoezi juu ya lami.

Gharama hadi leo: bodaboda safari 13 za sh 6,000, jumla 78,000. Fiziotherapia 60,000. Raba 45,000. Mkandaji 10,000. Dawa ya kupaka 8,000. Jumla sh 201,000. Kati ya hizo, sh 78,000 za mtaalamu, mkandaji na dawa ni bei ya asubuhi moja ya tarehe 14 Juni na ubishi wa siku tatu baadaye. Imelingana na nauli yote ya bodaboda, hadi shilingi.

Jumamosi, 11 Oktoba. Kuelekea vuli

Dakika 24 za mchanga, 10 katikati, bila kutembea. Katikati nimefanya mita 400 kwa dakika 3 na sekunde 2 kwa mapigo 148. Bado ni polepole kuliko barabarani, na sijapiga picha.

Mzee kaniambia mvua zikianza huko juu nisishuke hata kama hapa jua linawaka, kwa sababu maji ya korongo hili hayapigi hodi. Nimeng'oa vijiti. Mfuko wa saruji umeganda upande mmoja, lakini uzito wake ni uleule, kwa hiyo unabaki chini ya kitanda.